Skrinishoti nne, kabureta moja: nani wa bei ya chini mpaka mzigo ufike Mwanza?

Mvuvi_Igombe (#1)

Wakuu, heshima kwenu. Nina boti ya kuvuta mitumbwi ya dagaa, injini ni Yamaha 40 ya stroki mbili, na kabureta imekufa. Fundi amesema hii hairudi, ninunue nyingine. Namba yake inaanza na 66T. Nimezunguka mitandaoni, nimepata wauzaji wanne na skrinishoti zao nimeziambatanisha. Nimebadilisha fedha kwa bei ya Google ya leo (dola 2,540, yuani 355, shilingi ya Kenya 19.60):

A. Programu ya kimataifa: $38.50, usafiri $18. Jumla 143,510.
B. Programu ya jumla ya China: ¥28 – 165, usafiri wa ndani ¥12 mpaka ghala la wakala Guangzhou. Wakala anachukua $12 kwa kilo kwa ndege mpaka Dar. Kabureta haifiki kilo. Jumla 44,680.
C. Muuzaji wa Japani: ¥14,800. Hiyo ni zaidi ya milioni tano, nimemweka pembeni.
D. Nairobi: KSh 6,500, basi KSh 1,200 mpaka Mwanza. Jumla 150,920.

Mimi naona B amewaacha wote mbali mno. Kuna anayeona tofauti kabla sijatuma hela?

Kabwela_wa_Mabatini (#2)

B kaka, hapo kuna cha kuuliza tena? Elfu arobaini na nne dhidi ya laki na nusu. Tuma hela leo.

Fundi_Mwaloni (#3)

Usitume. Kuza skrinishoti ya B uitazame vizuri. Chini ya bei kuna vipicha vitatu, na kilichozungushiwa mstari wa rangi ya chungwa ni kile cha kwanza: gasketi, sindano ya floti na oringi mbili kwenye mfuko wa nailoni. Hiyo ni ripea kiti, ndiyo ya ¥28. Kabureta nzima ni kipicha cha tatu, na hiyo ndiyo ¥165. Picha kubwa ya juu inaonyesha kabureta kwa sababu tangazo ni moja kwa vyote vitatu.

Bei ikiandikwa "kutoka hapa hadi pale", ile ndogo ni ya kitu kidogo kuliko vyote kwenye tangazo. Bonyeza kabureta yenyewe, subiri bei igeuke iwe namba moja, ndipo upige skrinishoti.

Mhasibu_Isamilo (#4)

Fundi amemaliza la B, mimi niende kwa C. Hiyo ¥14,800 ni yeni. Alama ni ileile kwa yeni na yuani, na muuzaji yuko Japani. Yeni moja kwa leo ni kama shilingi 17, benki itakuuzia 17.50 hivi. Kwa hiyo kabureta ni 259,000. Milioni tano haipo. Usafiri wake umeandikwa chini kabisa, ¥3,200, nao ni 56,000. Jumla 315,000. Bado ni ghali kuliko wote, lakini maelezo yanasema ni ya kiwandani halisi, kwa hiyo usimtupe kama tapeli.

Na hizo bei za Google achana nazo. Ile ni bei ya katikati ya soko, hakuna benki itakayokuuzia dola kwa hiyo. Chukua bei ya *kuuza* ya benki yako. Ya kwangu leo asubuhi ni 2,600.

Mvuvi_Igombe (#5)

Nimerudi kwenye B, nimebonyeza kipicha cha tatu, kweli imeruka ikawa 165. Asante Fundi. Na yeni nimeelewa. Wakala ananiuzia yuani kwa 370. Kwa hiyo B sasa:

¥165 + ¥12 = ¥177, mara 370 = 65,490. Ndege kilo moja $12 = 31,200. Basi kutoka Dar mpaka Nyegezi 10,000. Jumla 106,690. Bado anaongoza.

BiMkubwa_Nansio (#6)

Hamjambo wanangu. Na mimi niliagiza nyavu huko huko kwa simu ya mjukuu, zikaja na macho madogo kuliko niliyoagiza, nikashindwa kuzitumia maana ningekamatwa. Je, hao wanauza nyavu pia? Nataka za sangara.

Mvuvi_Igombe (#7)

Shikamoo mama. Hawa wanne wanauza vipuri tu. La nyavu lifungulie uzi wake, watu wa Ukerewe wako wengi humu watakusaidia.

Jicho_la_Kengewa (#8)

Hakuna aliyeitazama A? Juu kushoto kwenye skrinishoti pameandikwa `Ship to KE`. Hiyo $18 ni usafiri mpaka Kenya. Simu yako au aliyekutumia picha amechagua Kenya. Badilisha iwe Tanzania halafu utuambie inasoma ngapi.

Mvuvi_Igombe (#9)

Picha alinitumia shemeji aliyeko Kisumu. Nimeifungua kwa simu yangu nikaweka Tanzania: usafiri umekuwa $24. Bei ya kabureta haikubadilika.

Mhasibu_Isamilo (#10)

Basi A ni $62.50, mara 2,600 = 162,500. D kwa bei ya benki ya kuuza shilingi ya Kenya (20) ni 154,000. Mpangilio umegeuka: mwanzo A alikuwa chini ya D, sasa D yuko chini ya A. Hakuna muuzaji aliyebadilisha chochote, ni skrinishoti ndiyo ilikuwa ya nchi nyingine.

Kabwela_wa_Mabatini (#11)

Lakini B bado ni 106,000 na kitu. Si nilisema!

Jicho_la_Kengewa (#12)

Ulisema elfu arobaini na nne, Kabwela. Zimeshaongezeka sitini na mbili na bado hatujamaliza.

Mama_Kago (#13)

Nimekuwa nikipokea mizigo ya watu kutoka Guangzhou kwa muda mrefu, nikiisambaza Mwanza, Geita na Musoma. Mvuvi, hiyo "kabureta haifiki kilo" ndiyo inayowaliza wengi. Ndege haiuzi kilo peke yake, inauza na nafasi. Wakala anapima boksi, anagawanya, halafu anakutoza ile iliyo kubwa kati ya uzito wa mzani na uzito wa ujazo. Muuzaji wako wa B ameandika kabureta inakuja kwenye boksi la sentimita 30 kwa 25 kwa 20. Tazama picha ya mwisho ya tangazo, vipimo viko kwenye kona.

```
30 x 25 x 20 = 15000
15000 / 5000 = 3 kg
```

Mzani utasema gramu 800, wewe utalipia kilo tatu. $36 kwa 2,600 ni 93,600. Piga upya:

65,490 + 93,600 + 10,000 = 169,090.

B kwa boksi hilo ni ghali kuliko A na D.

Mvuvi_Igombe (#14)

Duh. Elfu sitini na mbili na mia nne zimetoka kwenye boksi peke yake?

Mama_Kago (#15)

Ndiyo. Na dawa ipo. Mwandikie muuzaji kabla ya kulipa, mwambie aifunge kwa povu jepesi kwenye boksi dogo, tuseme 20 kwa 15 kwa 12. Hiyo ni 3,600 gawanya kwa 5,000, inakuja 0.72. Hapo mzani ndio mkubwa, 0.8, unatozwa kilo moja, unarudi kwenye 106,690 yako. Wengi wanakubali ukiomba vizuri. Ila pata jibu lake kwa maandishi na picha ya boksi likiwa na futi juu yake. Likishafika ghalani kwa wakala, kulifungua na kulifunga upya wengine wanatoza, wengine hawakubali kabisa.

Msukuma_Halisi (#16)

Samahani mama, wakala ninayemtumia mimi anagawanya kwa 6,000. Boksi hilo hilo linakuwa kilo mbili na nusu, $30, yaani 78,000. Jumla 153,490. Hapo B anamshinda D kwa shilingi 510.

Mama_Kago (#17)

Wapo wa 6,000, sibishi. Lakini muulize kama anapandisha nusu kilo kuwa kilo nzima. Akipandisha, umerudi kwenye tatu, na hiyo 510 imekwenda.

Kijana_wa_Kamanga (#18)

Mbona mimi wangu anapima mzani tu? Kila siku naleta kava za simu, hajawahi kuniuliza boksi.

Mama_Kago (#19)

Kava za simu ni nzito kwa boksi lake, mdogo wangu, zinajaa zikabana. Hata akipima ujazo, mzani utashinda. Siku ukileta taa za chumbani au helmeti, ndipo utaona kama anapima au hapimi.

Msafiri_Sirari (#20)

Nyie mnazunguka China bure. Chukua D. Kenya na sisi tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakuna ushuru. Basi linapita Sirari, kesho yake uko nayo mkononi.

Mhasibu_Isamilo (#21)

Nusu ya hiyo ni kweli. Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya unafuata bidhaa ilikotengenezwa. Duka lilipo halihesabiki. Mzigo wa chini ya dola 2,000 unaweza kupata cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani, lakini ni kwa vitu vilivyozalishwa ndani ya Jumuiya: mahindi, vyungu, sabuni za kiwanda cha huku. Kabureta iliyotoka China ikauzwa Nairobi haipati cheti hicho. Ikifika Sirari ni mzigo wa nje kama mwingine.

Msafiri_Sirari (#22)

Sawa kwenye karatasi. Lakini mimi nimepitisha vipuri kwenye begi pale na hakuna aliyeniuliza.

Mhasibu_Isamilo (#23)

Anayelinganisha bei anatakiwa aweke gharama anayodaiwa kisheria. Siku ukiulizwa hutalipa kwa hoja ya begi. Kodi ya ongezeko la thamani peke yake ni asilimia 18, na inapigwa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru vikiwa vimejumlishwa. Ushuru wenyewe unategemea kundi la kipuri, kwa hiyo nauweka kando, nitazame hiyo 18 tu:

A: 162,500 inakuwa 191,750.
D: 154,000 inakuwa 181,720.

Hizo ni za chini kabisa, ushuru ukiingia zinapanda. Sasa swali ni kwa B. Ile $12 kwa kilo ya wakala, ndani yake kodi imo au haimo?

Mama_Kago (#24)

Kwa mawakala wengi wa kilo, imo. Bei ya kilo ni ya mpaka kwenye ofisi yake Kariakoo, mambo ya forodha anamalizana nayo mwenyewe. Ndiyo maana B ukimlinganisha na A kwa skrinishoti unamwonea A au unamwonea B, kwa sababu mmoja kodi imo na mwingine haimo. Lakini muulize wakala wako neno kwa neno: "Nikija kuchukua, kuna hela nyingine yoyote nitadaiwa?" Asipojibu ndiyo au hapana, tafuta mwingine.

Fundi_Mwaloni (#25)

Wakati mnabishana, hapa Kirumba kuna duka linaiuza 185,000. Ya China hiyo hiyo, nimeifunga kwenye injini za watu. Unaiona, unaipima kwenye injini, ikikataa unairudisha mchana huohuo. A ikishalipiwa kodi ni 191,750, imeshalipita duka.

Kabwela_wa_Mabatini (#26)

Fundi unatangaza duka la shemeji.

Fundi_Mwaloni (#27)

Sijalitaja jina, Kabwela. Nimetaja bei tu ili mwenzetu awe na cha kulinganishia. Anayelinganisha wauzaji wa mbali bila kujua bei ya hapa Kirumba anashindanisha watu ambao huenda wote wameshindwa.

Jicho_la_Kengewa (#28)

Fundi yuko sahihi, na kuna la siku. Mvuvi, giza linaanza lini? Kama mwezi ndio unaingia kwenye mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa imepumzika, unaweza kusubiri mzigo. Kama giza linaanza wiki hii, kila usiku boti ikilala ufukweni unapoteza zaidi ya tofauti ya 185,000 na 106,690.

Mvuvi_Igombe (#29)

Mbalamwezi ndiyo inaanza, kwa hiyo siku ninazo kidogo. Ila nimekumbuka jambo: wenzangu wawili hapa Igombe wana injini kama yangu na wao wanataka. Tukiagiza tatu kwa pamoja inakuwaje?

Mhasibu_Isamilo (#30)

Hapo kila kitu kinapangwa upya, kwa sababu usafiri haupandi sawa na idadi. Weka tatu kwenye kikapu cha A utuambie usafiri unasoma ngapi.

Mvuvi_Igombe (#31)

A: usafiri wa tatu ni $32. D anasema kifurushi ni kimoja, KSh 1,200 ileile.

Mhasibu_Isamilo (#32)

Vizuri. Kabla ya kodi za mpakani:

A: $115.50 + $32 = $147.50, mara 2,600 = 383,500. Kila moja 127,833.
D: KSh 19,500 + 1,200 = 20,700, mara 20 = 414,000. Kila moja 138,000.

Kwa moja D alikuwa chini ya A. Kwa tatu A yuko chini ya D. Sababu ni kwamba kwa A sehemu kubwa ya gharama ilikuwa usafiri, nao sasa umegawanywa kwa watatu. Kwa D usafiri ulikuwa mdogo tangu mwanzo, hakuna cha kugawana.

Mama_Kago (#33)

Na B: tatu zinaingia kwenye boksi lile lile la 30 kwa 25 kwa 20, likijaa vizuri. Mzani 2.4, ujazo 3, unatozwa 3. ¥495 + 12 = ¥507, mara 370 = 187,590. Ndege 93,600. Basi 10,000. Jumla 291,190, kila mmoja wenu 97,063. Hapo hata muuzaji asipokubali boksi dogo, mko salama. Nafasi mliyokuwa mnalipia hewa sasa ina kabureta.

Kijana_wa_Kamanga (#34)

Na kulipa A kwa kadi je? Programu inaniwekea bei ya shilingi moja kwa moja, inasema 174,000 kwa ile moja. Nilipe kwa shilingi au kwa dola?

Mhasibu_Isamilo (#35)

Dola. Ile 174,000 ukiigawa kwa 62.50 inakuja 2,784 kwa dola. Wamekubadilishia wao kwa bei yao. Chagua dola, benki yako ibadilishe.

Msukuma_Halisi (#36)

Si lazima, mkuu. Benki yangu inaongeza asilimia kwenye manunuzi ya nje juu ya bei yake ya kuuza, na ninapotumia kadi ya simu bei yao ya dola ni nyingine kabisa. Mimi nimewahi kulipa kwa shilingi za programu ikawa nafuu. Afanye jaribio kwa kitu cha dola moja, atazame kilichokatwa.

Mhasibu_Isamilo (#37)

Jaribio la dola moja ni wazo zuri, ilimradi kadi haina tozo ya kudumu kwa kila muamala, maana hiyo itaonekana kubwa kwa dola moja na ndogo kwa sitini. Lakini msipotelee humo. Kutoka 2,540 mpaka 2,600 kwa A ni shilingi 3,750. Boksi la Mama Kago lilikuwa 62,400.

Fundi_Mwaloni (#38)

Kabla hamjatuma hela za watatu, kila mmoja apige picha namba iliyogongwa kwenye kabureta yake ya zamani. Mvuvi ni 66T, nimeiona. Hao wawili kusema "kama yangu" hakunitoshi. Yamaha 40 zilizopo ufukweni si za aina moja, na flenji zikipishana matundu, ile 97,063 inakuwa chuma cha kuwekea karatasi zisipeperuke.

Msafiri_Sirari (#39)

Na ikija mbovu, Guangzhou unairudisha kwa mtumbwi? D unampigia simu, unaongea Kiswahili, anakubadilishia kwa basi. Mimi bado niko na D.

Mama_Kago (#40)

Kurudisha China sahau, hilo kweli. Muuzaji akituma mbovu, omba wakala akague na kupiga picha ghalani kabla haijapanda ndege. Wengine wanafanya kwa yuani chache. Hiyo nayo iandike kwenye hesabu ya B.

Mvuvi_Igombe (#41)

Nimempata mmoja wa wenzangu, yake nayo ni 66T. Wa pili yuko visiwani, anarudi kesho jioni, nikipata picha nitaiweka hapa. Muuzaji wa B nimemwandikia kuhusu boksi kwa ajili ya mbili na kwa ajili ya tatu, amejibu kwa tatu tu: 30 kwa 25 kwa 20 zinaenea. Wakala amesema anagawanya kwa 6,000 lakini kwenye kupandisha nusu kilo hajajibu.

Msukuma_Halisi (#42)

Asipojibu mpaka kesho nitumie ujumbe wa faragha nikupe wangu. Kwa mbili kwenye boksi lile lile hesabu yangu ni 342 za yuani, 126,540, na kilo mbili na nusu 78,000, na basi. Jumla 214,540, kila mmoja 107,270.

Mama_Kago (#43)

Kwa mbili aombe 25 kwa 20 kwa 15. Hiyo ni 7,500, hata kwa 5,000 ni kilo moja na nusu, mzani 1.6. Akipandishiwa ni mbili. 126,540 + 62,400 + 10,000 = 198,940. Kila mmoja 99,470, bila kumsubiri wa visiwani.

BiMkubwa_Nansio (#44)

Huyo wa visiwani kama yuko Ukara mwanangu, meli ya kesho imebadilishiwa muda, mwambieni aulize.